Faida Ipo, Mshahara Haupo: Kusoma Hesabu Tatu za Kampuni Moja

Kampuni ya maji inaweza kufunga mwaka wake Juni 30 ikiwa na faida ya shilingi milioni 8, kisha ikifika mwisho wa Julai ikashindwa kulipa mishahara na umeme wa mwezi mmoja. Mkazi anayesikia habari hizi mbili kwa pamoja huamua mara moja kwamba kuna mtu anadanganya. Huenda ni kweli. Lakini inawezekana pia kwamba hakuna shilingi hata moja iliyoibwa, na kwamba habari zote mbili ni sahihi. Jibu limo ndani ya hesabu za kampuni yenyewe, ila haliko katika ukurasa mmoja. Limegawanywa katika kurasa tatu, na anayesoma ukurasa mmoja tu hawezi kuliona.

Kurasa hizo ni mizania, taarifa ya mapato na taarifa ya mtiririko wa fedha. Watu wengi huzichukulia kama hesabu tatu tofauti. Sivyo. Ni kampuni moja, katika mwaka mmoja, iliyotazamwa kutoka pande tatu. Mizania inasema kampuni ina nini na inadaiwa nini katika siku moja. Taarifa ya mapato inasema mwaka mzima ulileta faida au hasara. Taarifa ya mtiririko wa fedha inasema pesa taslimu ziliingia wapi na zikatokea wapi.

Katika makala haya tutatumia mfano wa kampuni ya maji inayomilikiwa na kaunti. Kampuni yenyewe ni ya kubuni na hesabu zake tumezirahisisha, hata kodi tumeiweka kando, lakini mambo yanayotokea ndani yake ndiyo yanayotokea katika kampuni halisi. Kiasi chote cha fedha kimo katika mamilioni ya shilingi, na mwaka wake wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30, kama ilivyo kwa taasisi za serikali nchini.

Bili moja, kurasa tatu

Kabla ya kuingia katika mamilioni, tufuate bili moja ya shilingi 1,500.

Msoma mita anafika kwa mteja mwezi Juni, anasoma mita, na bili inatumwa. Mteja hajalipa. Katika taarifa ya mapato, kampuni inaandika shilingi 1,500 kuwa mapato ya Juni, kwa sababu maji yameshatolewa na kutumiwa mwezi huo. Katika mizania ya Juni 30, shilingi hizo hizo zinaandikwa kuwa mali ya kampuni, chini ya jina la wadaiwa, maana yake ni pesa ambazo wateja hawajaleta. Katika taarifa ya mtiririko wa fedha hakuna kinachoandikwa. Hakuna pesa iliyoingia.

Mwezi Agosti mteja analipa kwa simu. Sasa mambo yanageuka. Taarifa ya mtiririko wa fedha ya mwaka mpya inaandika shilingi 1,500 zilizoingia. Katika mizania, deni la wateja linapungua kwa 1,500 na pesa benki zinaongezeka kwa 1,500. Taarifa ya mapato haiguswi hata kidogo. Bili ile ilishahesabiwa Juni, na haihesabiwi mara mbili.

Hii ndiyo tofauti ambayo makala haya yanataka ubaki nayo. Mapato huandikwa kazi inapofanyika. Pesa huandikwa zinapofika. Kati ya siku hizo mbili, bili hukaa katika mizania ikisubiri. Kampuni inaweza kuwa na maelfu ya bili zinazosubiri hivyo, na zote zikawa zimeshahesabiwa ndani ya faida.

Mizania: picha ya siku moja

Mizania ni kama picha. Inapigwa usiku wa Juni 30, na haisemi lolote kuhusu yaliyotokea kesho yake. Siku hizi wahasibu huiita pia taarifa ya hali ya kifedha, kwa hiyo ukikutana na jina hilo usibabaike, ni kitu kile kile. Huchapishwa ikiwa na safu mbili ili msomaji alinganishe mwanzo wa mwaka na mwisho wake. Ya kampuni yetu ni hii:

| | Julai 1 | Juni 30 |
|---|---|---|
| Mabomba, pampu na mitambo | 200 | 210 |
| Dawa za maji na vipuri ghalani | 5 | 5 |
| Wadaiwa (bili ambazo hazijalipwa) | 40 | 62 |
| Pesa taslimu na benki | 15 | 5 |
| Jumla ya mali | 260 | 282 |
| Mkopo wa benki | 60 | 67 |
| Wadai (umeme na wauzaji bidhaa) | 25 | 30 |
| Amana za wateja | 15 | 17 |
| Jumla ya madeni | 100 | 114 |
| Mtaji wa mwenye kampuni | 160 | 168 |

Sehemu ya juu ni mali, yaani vitu ambavyo kampuni inavyo. Sehemu ya kati ni madeni, yaani wanaoidai. Ukitoa madeni kwenye mali, kinachobaki ni cha mwenye kampuni, ambaye hapa ni kaunti, na kwa maana hiyo ni wakazi. Hesabu hii lazima ikubaliane kila siku ya mwaka: 282 toa 114 ni 168.

Zingatia mstari wa amana. Unapounganishiwa maji unaweka amana ofisini. Pesa hiyo inaingia benki ya kampuni, lakini si mapato yake. Ukihama na kufunga akaunti unarudishiwa, baada ya kukatwa bili uliyoacha. Ndiyo maana imewekwa upande wa madeni. Kampuni inayotumia amana kulipa mishahara inatumia pesa za watu wengine, na kwenye mizania utaona amana ni kubwa kuliko pesa zilizopo. Katika mfano wetu amana ni milioni 17 na pesa zote zilizopo ni milioni 5. Mwanzoni mwa mwaka zilikuwa sawa, 15 kwa 15.

Mtu anayetazama jumla peke yake ataona mali imepanda kutoka 260 hadi 282 na mtaji umepanda kutoka 160 hadi 168. Kwa macho hayo kampuni imekua. Lakini picha haisemi kwa nini imekua. Kwa hilo tunahitaji ukurasa wa pili.

Taarifa ya mapato: mwaka mzima katika mstari mmoja

Taarifa ya mapato inaanza na bili zote zilizotumwa kwa mwaka, kisha inatoa gharama zote za mwaka huo huo.

| | |
|---|---|
| Bili za maji zilizotumwa | 120 |
| Umeme | (38) |
| Mishahara | (42) |
| Dawa za maji na vipuri | (10) |
| Matengenezo na ofisi | (6) |
| Uchakavu | (10) |
| Riba ya mkopo | (6) |
| Faida ya mwaka | 8 |

Tarakimu iliyo ndani ya mabano ni ya kutoa. Ndivyo wahasibu wanavyoandika, na utaikuta katika ripoti zote.

Mistari miwili inahitaji maelezo. Wa kwanza ni umeme. Milioni 38 si pesa zilizolipwa kwa kampuni ya umeme. Ni umeme uliotumika. Kama bili ya umeme ya Mei na Juni haijalipwa, bado imo ndani ya 38, na sehemu isiyolipwa imeandikwa katika mizania chini ya wadai. Kanuni iliyotumika kwa bili ya mteja inatumika pia kwa bili ya kampuni yenyewe.

Wa pili ni uchakavu. Kampuni inaponunua pampu ya milioni 20 inayotarajiwa kudumu miaka 10, haiandiki milioni 20 zote kuwa gharama ya mwaka mmoja. Pampu itapiga maji kwa miaka 10, kwa hiyo gharama yake inagawanywa: milioni 2 kila mwaka. Sehemu hiyo ya mwaka ndiyo uchakavu. Hakuna anayelipwa uchakavu. Pesa ilitoka siku pampu iliponunuliwa, na uchakavu ni njia ya kukumbuka kila mwaka kwamba pampu inazeeka. Katika mfano wetu uchakavu wa mitambo yote pamoja ni milioni 10.

Faida ni milioni 8. Sasa rudi kwenye mizania utazame mtaji: 160 mwanzoni, 168 mwishoni. Tofauti ni 8. Hapo ndipo kurasa mbili za kwanza zinaposhikana. Faida ya mwaka huingia katika mtaji, na kama mwenye kampuni hakutoa wala kuongeza kitu, mtaji hubadilika kwa kiasi cha faida au hasara tu.

Lakini pesa benki zimeshuka kutoka 15 hadi 5. Kampuni imepata faida ya 8 na kupoteza pesa 10. Ukurasa wa tatu ndio unaoeleza.

Taarifa ya mtiririko wa fedha: pesa zilipita wapi

Ukurasa huu haujali bili zilizotumwa wala uchakavu. Unahesabu pesa zilizoingia na kutoka peke yake, na unazigawa katika mafungu matatu: shughuli za kila siku, uwekezaji, na ufadhili.

Tuanze na shughuli za kila siku. Katika mwaka ule kampuni ilituma bili za milioni 120, lakini ilikusanya milioni 98 tu. Milioni 22 zilibaki kwa wateja, ndiyo sababu wadaiwa wamepanda kutoka 40 hadi 62. Amana mpya zilileta milioni 2. Upande wa kulipa, gharama za umeme, mishahara, dawa na ofisi zilikuwa jumla ya milioni 96, lakini kampuni ililipa 91. Milioni 5 ilizichelewesha, na ndizo zilizopandisha wadai kutoka 25 hadi 30. Riba ya milioni 6 ililipwa yote. Kwa hiyo: 98 jumlisha 2, toa 91, toa 6, unabaki na milioni 3.

Fungu la pili ni uwekezaji. Kampuni ilinunua pampu mpya na mabomba kwa milioni 20. Pesa hizo zilitoka mara moja.

Fungu la tatu ni ufadhili. Kampuni ilichukua mkopo mpya wa milioni 15 na kulipa milioni 8 za mkopo wa zamani. Baki ni milioni 7 zilizoingia. Kumbuka kwamba mkopo mpya si mapato, na kulipa mkopo si gharama. Ni riba tu inayoonekana katika taarifa ya mapato. Anayetazama faida peke yake hataona kabisa kwamba kampuni inalipa benki milioni 8 juu ya ile riba.

| | |
|---|---|
| Pesa kutokana na shughuli za kila siku | 3 |
| Uwekezaji | (20) |
| Ufadhili | 7 |
| Badiliko la pesa katika mwaka | (10) |
| Pesa mwanzoni mwa mwaka | 15 |
| Pesa mwishoni mwa mwaka | 5 |

Ile 5 ya mwisho ndiyo ile 5 iliyo katika mizania. Hapo kurasa zote tatu zimeshikana. Ukikuta ripoti ambayo namba hizi mbili hazifanani, au faida haipatani na badiliko la mtaji na hakuna maelezo, simama hapo hapo na uulize.

Daraja kati ya faida na pesa

Mara nyingi ripoti haiorodheshi pesa zilizokusanywa na kulipwa kama tulivyofanya. Badala yake inaanza na faida na kuirekebisha hadi ifike kwenye pesa. Kwa msomaji njia hii ina manufaa, kwa sababu inaonyesha faida ilipotelea wapi.

Anza na faida ya 8. Ongeza uchakavu wa 10, kwa kuwa ulipunguza faida lakini hakuna pesa iliyotoka. Unapata 18. Toa 22, kwa kuwa wadaiwa wameongezeka, yaani bili hizo zimo katika faida lakini hazijalipwa. Unapata upungufu wa 4. Ongeza 5 kwa wauzaji na umeme ambao hawajalipwa, na 2 za amana. Unafika kwenye 3, jibu lile lile.

Sasa soma daraja hilo kama habari. Shughuli ya kuuza maji haikuleta milioni 8. Ililetea kampuni milioni 3, na hata hizo zilipatikana kwa sababu kampuni ilichelewesha malipo ya milioni 5 na kupokea amana za milioni 2. Bila mambo hayo mawili, kuuza maji kwa mwaka mzima kungepunguza pesa kwa milioni 4.

Na swali la Julai linajibika. Mishahara ya milioni 42 kwa mwaka ni milioni 3.5 kwa mwezi. Umeme wa milioni 38 ni zaidi ya milioni 3 kwa mwezi. Kampuni inaanza Julai na milioni 5, huku mishahara na umeme wa mwezi huo pekee vikihitaji zaidi ya milioni 6.5. Ikiwa wateja watachelewa kulipa hata kwa wiki chache, kuna mmoja atakayekosa: mfanyakazi au kampuni ya umeme. Ikikosa ya umeme na ikakata laini, pampu zinasimama, na mkazi aliyelipa bili yake kila mwezi anakosa maji sawa na yule asiyelipa.

Mahali pa kutilia shaka

Hakuna hata mmoja wa kurasa hizi usioweza kupambwa. Ila kila pambo katika ukurasa mmoja huacha alama katika mwingine, na ndiyo faida ya kuzisoma zote tatu.

La kwanza ni wadaiwa. Milioni 62 ni zaidi ya nusu ya bili zote za mwaka, yaani ni kama wateja wako nyuma kwa miezi 6. Je, pesa hizo zitalipwa kweli? Baadhi ya akaunti huwa za watu waliohama, nyumba zilizobomolewa au mita zilizosomwa vibaya. Kanuni za uhasibu zinaitaka kampuni ikadirie sehemu ambayo haitapatikana na kuiandika kuwa gharama. Tuseme milioni 12 kati ya 62 hazitalipwa kamwe. Zikiandikwa, wadaiwa wanashuka hadi 50, na ile faida ya 8 inageuka kuwa hasara ya 4. Pesa benki hazibadiliki hata kidogo, bado ni 5. Kwa maneno mengine, kampuni haikuwa tajiri zaidi kabla ya kuandika hasara hiyo. Ilikuwa haijasema tu. Alama ya kutazama ni hii: wadaiwa wanapanda haraka kuliko mapato, mwaka baada ya mwaka, na gharama ya madeni mabaya ni ndogo au haipo.

La pili ni matengenezo yanayoitwa mali. Kuziba bomba lililopasuka ni gharama ya mwaka huo. Kulaza bomba jipya ni mali. Meneja anayetaka kuonyesha faida anaweza kuhamisha milioni 6 za matengenezo na kuziandika kuwa mitambo mipya. Faida itapanda kutoka 8 hadi karibu 14. Pesa za shughuli za kila siku nazo zitapanda, kutoka 3 hadi 9, kwa sababu malipo hayo sasa yamo chini ya uwekezaji. Lakini badiliko la pesa kwa mwaka litabaki kutoa 10, na benki itabaki na 5. Mbinu hii ndiyo iliyoiangusha kampuni ya simu ya Marekani ya WorldCom. Mwezi Juni 2002 ilikiri kwamba gharama za zaidi ya dola bilioni 3.8 zilikuwa zimeandikwa kuwa mali. Mwezi uliofuata iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wanaoidai. Alama ya kutazama: mitambo inaongezeka katika mizania kila mwaka, lakini huoni bomba jipya mtaani wala mradi uliotajwa katika ripoti.

La tatu linagusa ukurasa wa pesa wenyewe, kwa kuwa wengi huamini kwamba pesa haidanganyi. Kama kampuni yetu ingeacha kulipa umeme wa milioni 10 zaidi hadi Julai, pesa za shughuli za kila siku zingesomeka 13 badala ya 3, na benki ingekuwa na 15. Msomaji angefurahi. Lakini mizania ingeonyesha wadai wamefika 40. Pesa nzuri inayotokana na kutolipa watu si pesa nzuri. Kwa hiyo usisome mtiririko wa fedha bila kutupa jicho kwenye mstari wa wadai.

Si kila pesa inayopungua ni ishara ya ubaya. Kampuni inayolaza mabomba katika wadi mpya itatumia pesa nyingi katika uwekezaji, na benki itapungua. Swali ni kama shughuli ya kila siku inaleta pesa za kutosha kulipa mikopo ya uwekezaji huo. Katika mfano wetu shughuli ilileta 3 huku mkopo wa zamani ukidai 8. Kampuni ililipa mkopo kwa kukopa tena.

Unazipata wapi, na uulize nini

Kampuni inayomilikiwa na kaunti haifungii hesabu zake kabatini. Hesabu za mwaka huandaliwa na kupelekwa kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ndani ya miezi 3 baada ya Juni 30, yaani kufikia mwisho wa Septemba. Kifungu cha 229 cha Katiba kinamtaka Mkaguzi Mkuu akague na kutoa ripoti ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kuisha, yaani kufikia mwisho wa Desemba, kisha ripoti ipelekwe Bungeni au katika bunge la kaunti linalohusika. Bunge hilo lina miezi 3 ya kuijadili na kuchukua hatua. Ripoti huwekwa pia katika tovuti ya ofisi hiyo, oagkenya.go.ke, ambako mtu yeyote anaweza kuzisoma bila malipo. Ukikosa unachotafuta, Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 vinakupa haki ya kuandika na kuomba.

Ukiipata ripoti, anza na maoni ya mkaguzi. Maoni safi yana maana kwamba hesabu zinaonyesha hali ilivyo kwa haki. Hayana maana kwamba kampuni ina afya njema. Kampuni inaweza kupata maoni safi kwa hesabu zinazoonyesha wazi kwamba inazama. Tafuta pia aya inayozungumzia uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli zake. Mkaguzi akiandika kwamba una mashaka, ameona kile ambacho mstari wa faida hausemi.

Kisha weka kurasa tatu mbele yako na upitie mistari mitano tu. Faida ya mwaka ni kiasi gani? Shughuli za kila siku zilileta pesa kiasi gani? Wadaiwa wamebadilikaje? Wadai wamebadilikaje? Pesa zilizobaki zinatosha mishahara na umeme wa miezi mingapi?

Katika kampuni yetu ya mfano majibu ni 8, 3, wadaiwa juu kwa 22, wadai juu kwa 5, na pesa zisizotosha hata mwezi mmoja. Mkazi anayekwenda kwenye kikao cha umma na mistari hiyo mitano hahitaji kuuliza nani ameiba. Ana swali lililo zito zaidi na ambalo haliwezi kukwepwa kwa kutaja faida: milioni 62 ziko kwa wateja gani, zimekaa kwa muda gani, na ni ngapi kati yake ambazo kampuni inaamini zitalipwa?